Maneno ambayo ukurasa wako tayari unaonekana kwayo: namna ya kuyasoma kwenye Search Console na kuyapeleka kwenye maelezo

Tumchukue fundi mmoja wa Morogoro anayetengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Ana tovuti ndogo, na ukurasa unaomletea wateja ni ule wa mashine zenyewe. Maelezo aliyouandikia, yale yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo ya Google, yanasomeka hivi: "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni watengenezaji wa viatamizi bora na vya kisasa kwa bei nafuu. Wasiliana nasi leo."

Kiswahili chake hakina kosa. Lakini mfugaji wa Dodoma anayetaka mashine hiyo haandiki "kiatamizi" kwenye simu yake. Anaandika "mashine ya kutotolesha vifaranga", au "mashine ya kutotoresha mayai", au "incubator ya mayai 100". Google inajua kwamba vyote hivyo ni kitu kimoja, kwa hiyo inamwonyesha ukurasa wa fundi. Mfugaji anaupitia kwa jicho, haoni neno lake, haoni bei, haoni ukubwa, anashuka kwenye tokeo linalofuata.

Maneno mengi ambayo watu wameandika ukurasa ukaonekana yamo kwenye ripoti ya Google Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, na ni bure. Nitatumia ukurasa huu wa fundi mwanzo hadi mwisho. Namba nitakazoweka ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu, lakini hatua na majina ya vitufe ni yale utakayoyakuta kwenye kioo. Unachohitaji ni tovuti ambayo umeshaithibitisha kuwa ni yako ndani ya Search Console, na ruhusa ya kuhariri ukurasa.

## Maelezo yanafanya kazi gani hasa

Hapa pana imani inayopoteza muda wa watu wengi, kwa hiyo tuimalize kwanza. Septemba 2009 Google walieleza hadharani kwamba hawatumii maneno yaliyowekwa kwenye lebo ya `keywords` kupanga matokeo, na katika maelezo yaleyale wakasema hata lebo ya `description`, ambayo ndiyo inayobeba maelezo haya, hawaitumii kupanga nafasi. Kwa maana hiyo, kuongeza "mashine ya kutotolesha vifaranga" kwenye maelezo hakutautoa ukurasa nafasi ya nane ukaupeleka ya tatu. Ukiahidiwa hivyo na mtu anayetaka umlipe, usimlipe.

Maelezo yanafanya kazi nyingine: yanamshawishi mtu ambaye tayari umeshaonyeshwa kwake. Mara nyingi Google huyakoleza kwa herufi nzito maneno yanayolingana na yale mtu aliyoandika. Mtu anayepitia matokeo haraka huona neno lake mwenyewe limekolea na kujua kwamba hapa ndipo. Ndiyo maana tunatafuta maneno ambayo ukurasa tayari unaonekana kwayo. Kwa neno ambalo ukurasa hauonekani kabisa, hakuna wa kumshawishi.

Jambo la pili: Google hailazimiki kuonyesha maelezo yako. Mara nyingi huchota sentensi kutoka ndani ya ukurasa wenyewe ikiona inajibu swali vizuri zaidi. Kwa hiyo maneno utakayoyachagua yanaandikwa mahali pawili, kwenye lebo ya maelezo na kwenye aya ya kwanza ya ukurasa. Ukiyaweka kwenye lebo peke yake, umefanya nusu ya kazi.

## Fungua ripoti, kisha uibane kwenye ukurasa mmoja

Ingia `search.google.com/search-console`, chagua tovuti yako juu kushoto, kisha bofya `Performance`. Kwenye baadhi ya akaunti kipengele hiki kimegawanyika, basi chagua `Search results`.

Juu ya grafu kuna visanduku vinne. Viwili huwa vimewashwa: `Total clicks` na `Total impressions`. Viwili vingine, `Average CTR`, yaani asilimia ya waliobofya, na `Average position`, unaviwasha mwenyewe kwa kuvibofya. Usipoviwasha, jedwali la chini halitakuonyesha nafasi, na bila nafasi hutaweza kuamua lolote.

Muda wa kawaida wa ripoti ni miezi 3. Kwa tovuti ndogo ya Kiswahili uache hivyohivyo, kwa sababu siku 28 zinaweza kukupa maneno machache mno. Ripoti inaweza kurudi nyuma hadi miezi 16, lakini huko mbali utakuta maneno ya wakati ukurasa ulikuwa na maandishi mengine.

Sasa shuka kwenye jedwali. Usianze na `Queries`. Hapo kuna maneno ya tovuti nzima yamechanganyika, na ukiyachukua hayo utapeleka kwenye ukurasa wa mashine maneno yaliyokuja kwa ukurasa wa chanjo ya kuku. Bofya kwanza `Pages`, tafuta anwani ya ukurasa wako, uibofye. Juu kutatokea kichujio chenye anwani hiyo. Ukishakiona, ndipo unarudi kwenye `Queries`. Sasa kila mstari ni maneno ambayo mtu aliyaandika na ukurasa huu, si mwingine, ukaonyeshwa.

Kabla ya kusoma, ongeza kichujio kimoja: `Add filter`, kisha `Country`, kisha nchi unayouzia. Fundi wetu anauza Tanzania. Mtu wa Nairobi au Muscat anaweza kuandika maneno yaleyale ya Kiswahili, na ukurasa ukaonekana kwake katika nafasi ya 30, kisha wastani wote ukavurugika. Kama unauza Kenya pia, soma nchi moja, toa kichujio, soma ya pili. Usizisome kwa pamoja.

Mwisho, bofya neno `Impressions` juu ya safu yake ili jedwali lipangwe kuanzia maneno yaliyoonekana mara nyingi.

## Jedwali la fundi

| Maneno yaliyotafutwa | Impressions | Clicks | Position |
|---|---|---|---|
| mashine ya kutotolesha vifaranga | 620 | 9 | 6.4 |
| jinsi ya kutengeneza incubator | 410 | 1 | 9.3 |
| mayai ya kuku yanaanguliwa kwa siku ngapi | 300 | 0 | 18.2 |
| bei ya mashine ya kutotolesha vifaranga | 240 | 3 | 7.9 |
| mashine ya kutotoresha mayai | 180 | 2 | 7.1 |
| incubator ya mayai 100 | 150 | 2 | 8.6 |
| (jina la karakana yake) | 95 | 41 | 1.1 |
| kiatamizi cha mayai | 14 | 3 | 1.8 |

Tazama mstari wa mwisho. Neno alilolitumia kwenye maelezo yake limetafutwa mara chache kuliko yote, na kwa hilo yuko juu kabisa. Hakuna anayegombania naye kwa sababu hakuna anayelitafuta. Nimeliona jambo hili mara nyingi kwa watu wanaokipenda Kiswahili sanifu, mimi mwenyewe nikiwemo: tunaandika neno la kamusi na soko lina neno lake. Isitoshe, "atamizi" limeshazoeleka kwa vituo vya kulea biashara changa, kwa hiyo hata huyo mmoja anayeliandika huenda hatafuti mayai.

`Impressions` ni idadi ya mara ambazo linki yako ilikuwemo kwenye ukurasa wa matokeo uliofunguliwa na mtu. Haina maana kwamba aliiona kwa macho. Ukiwa wa nane na yeye akaishia wa tatu, inahesabika vilevile. Na inahesabu hata wewe. Fundi akijitafuta kila asubuhi kwa simu yake kuona kama "bado yupo", anajiongezea kuonekana kusikokuwa na mteja ndani yake. Kwa tovuti inayoonekana mara 14 kwa neno fulani, tabia hiyo inatosha kuipotosha ripoti.

`Position` ni wastani wa nafasi ya juu kabisa ambayo tovuti yako iliipata kila ilipoonyeshwa. Wastani unaficha mengi. Nafasi ya 6.4 inaweza kuwa siku zote ya 6 au ya 7, au karibu nusu ya 3 na nusu ya 10. Ukitaka kujua, bofya neno lenyewe ukatazame mstari wa nafasi kwenye grafu. Ukipanda na kushuka kama ngazi, liache neno hilo wiki chache kwanza, kwa sababu chochote utakachokipima sasa kitakuwa kimeyumbishwa na nafasi.

## Kwa nini hesabu hailingani

Ukijumlisha safu ya `Clicks` kwenye jedwali hilo unapata 61. Lakini kisanduku cha juu, bila kuchuja maneno, kinasema 98. Hizo 37 zimekwenda wapi?

Ripoti haijaharibika. Google huficha maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana, kwa ajili ya kulinda faragha ya waliotafuta. Mibofyo yao inahesabiwa kwenye jumla, ila maneno yao hayaonyeshwi. Kwa ukurasa wa Kiswahili wenye wasomaji wachache, sehemu iliyofichwa inaweza kuwa kubwa. Pia jedwali haliendi zaidi ya mistari 1,000, ingawa kwa ukurasa mmoja ni nadra kufika huko.

Hili lina matokeo mawili unapofanya kazi. Kwanza, ukiweka kichujio chochote cha maneno, yaliyofichwa huondolewa kabisa, hivyo usishangae jumla ikishuka ghafla. Pili, maneno unayoyaona ni kundi lenye wafuasi wengi. Yale marefu na ya kipekee hutayaona, na njia ya kuyafikia ni kuandika ukurasa kwa lugha ya kawaida ya wateja wako, wala hakuna haja ya kuyabahatisha.

## Kusanya tahajia zote za kitu kimoja

Kiswahili cha kuandikia kwenye simu kina tahajia nyingi. "Kutotolesha" na "kutotoresha" vinaandikwa vyote, na kuna "kuangulia", "inkubeta" na `incubator` kama ilivyo. Ukisoma mstari mmoja mmoja utadhani kila moja ni dogo. Zikusanye kwanza.

Bofya `Add filter`, kisha `Query`, na kwenye orodha ya aina za kuchuja chagua `Custom (regex)`. Andika:

```
toto[lr]esh|angu(a|li)|incubator|inkubeta
```

Alama `|` ina maana ya "au", na `[lr]` inakubali herufi yoyote kati ya hizo mbili. Nimekata neno kwenye "esh" makusudi, ili lishike "kutotolesha", "kutotoleshea" na "inayototolesha" kwa pamoja. Kwa Kiswahili, ambapo viambishi vinabadilika mbele na nyuma ya mzizi, kuchuja kwa neno zima kunakukosesha mengi. Tafuta mzizi.

Kuna hatua nyingine ndogo: liondoe jina la biashara. Mtu anayeandika jina la karakana ameshaamua, na 41 kati ya mara 95 ni asilimia ya mtu anayekufahamu. Ukiliacha ndani, wastani wa ukurasa utaonekana mzuri na hutaona shida iko wapi. Kwenye kichujio cha `Query` badili kiwe `Queries not containing` uliandike jina.

## Yapi ya kuchukua, yapi ya kuacha

Ninapopitia kila neno ninajiuliza maswali matatu, kwa mpangilio huu.

Je, nafasi yake ni kati ya 3 na 10 hivi? Hapo ndipo mtu anakuona na maelezo yana uwezo wa kubadili uamuzi wake. Juu ya 3, nafasi yenyewe inakubeba. Zaidi ya 10 watu wachache hufika, na shida yako si maelezo. "Mayai ya kuku yanaanguliwa kwa siku ngapi", nafasi ya 18, linaondoka hapa, hata kama limeonekana mara 300.

Je, limeonekana mara za kutosha? Sina kiwango kimoja, lakini kwa miezi 3 neno lililoonekana chini ya mara 50 silitumii kama msingi wa kuandika upya. Watu wawili wakibofya au wasibofye, asilimia inaruka mno.

Je, ukurasa una jibu? Hili ndilo zito kuliko yote. "Jinsi ya kutengeneza incubator" limeonekana mara 410 na nafasi yake ni 9.3, kwa hiyo limefaulu maswali mawili ya kwanza, na mtu mwenye haraka atalichomeka kwenye maelezo. Lakini anayeliandika anataka kujua aina ya mbao, taa, kidhibiti joto na feni, atengeneze mwenyewe nyumbani. Ukurasa wa fundi unauza mashine zilizokwisha tengenezwa. Akiahidi kwenye maelezo, mtu ataingia, atatazama sekunde chache, atarudi. Fundi atakuwa amempotezea mtu bando lake na hajauza kitu. Neno hilo linawekwa kando, tutalirudia.

Yanabaki manne: "mashine ya kutotolesha vifaranga", "bei ya mashine ya kutotolesha vifaranga", "mashine ya kutotoresha mayai" na "incubator ya mayai 100". Ukiyatazama kwa karibu, hayo si maneno manne tofauti. Ni jina moja la kitu pamoja na mambo mawili ambayo mteja anataka kujua kabla hajabofya: bei, na ukubwa kwa idadi ya mayai. Maelezo ya zamani hayakuwa na hata kimoja. "Bei nafuu" haijibu kitu. Kila muuzaji anasema hivyo.

Kabla ya kuandika, fanya ukaguzi mmoja. Ondoa kichujio cha ukurasa, bofya neno "bei ya mashine ya kutotolesha vifaranga", kisha fungua `Pages`. Zikitokea kurasa mbili za tovuti yako kwa neno hilo, tuseme ukurasa wa mashine na tangazo la mwaka juzi lenye bei za zamani, amua ni upi unaostahili. Ukiliandika kwenye maelezo ya kurasa zote mbili, mteja anaweza kuingia kwenye bei za zamani, na mazungumzo ya simu yataanza kwa ugomvi. Hapa fundi anapaswa kusahihisha lile tangazo au kulielekeza kwenye ukurasa wa sasa kwanza.

## Kuandika upya

Weka jina la kitu mwanzoni kabisa, kama watu wanavyoliandika. Google haina kikomo rasmi cha urefu wa maelezo. Hukata kulingana na upana wa kioo. Kwenye kompyuta kwa kawaida huonekana herufi kama 155, na kwenye simu hupungua, kwa hiyo lililo muhimu likae ndani ya herufi 100 za mwanzo. Salamu, "karibu" na "wasiliana nasi" vinakula nafasi hiyohiyo.

Haya ndiyo maelezo mapya:

```
<meta name="description" content="Mashine ya kutotolesha vifaranga ya mayai 60, 100 na 200: bei ya kila moja, matumizi ya umeme na betri, na jinsi tunavyotuma mikoani kutoka Morogoro.">
```

Ni herufi 149 pamoja na nafasi. Yakikatwa kwenye simu baada ya neno "betri", mtu ameshaona kitu, ukubwa na bei. Umeme na kutuma mikoani havikutoka kwenye ripoti. Vimetoka kwenye maswali ambayo fundi huulizwa kila siku kwa simu. Ripoti inakupa jina la kitu, lakini wateja wako wanakupa sababu za kubofya, na sioni kwa nini usitumie vyote viwili.

Sikuandika "kutotolesha/kutotoresha" pamoja. Kuna wanaofanya hivyo, wanapanga tahajia zote kwa koma hadi maelezo yanakuwa orodha. Msomaji akiona orodha ya namna hiyo anahisi tovuti ya ujanja, na Google huelekea kuiacha ikachota sentensi ndani ya ukurasa. Chagua tahajia moja, yenye wengi. Ile ya pili inaweza kukaa ndani ya ukurasa mahali inapoingia kwa uhalali, kwa mfano kwenye swali la mteja ulilolinukuu kama alivyoliandika.

Bei ikiwa inabadilika kila mwezi, usiandike kiasi kwenye maelezo. Google inaweza kukaa siku kadhaa bila kuyasoma upya, na mtu akaona bei ya zamani. Andika kwamba bei ya kila moja ipo, kisha uhakikishe kweli ipo, juu, bila mtu kulazimika kupiga simu.

Sasa aya ya kwanza ya ukurasa. Ya zamani ilieleza historia ya karakana. Mpya inaanza hivi: "Tunatengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa ukubwa wa aina tatu: mayai 60, mayai 100 na mayai 200. Bei ya kila moja iko kwenye jedwali hapa chini." Kisha vichwa vidogo vya kila ukubwa, na cha kati kinasomeka `Incubator ya mayai 100`, kwa sababu hivyo ndivyo kinavyotafutwa. Historia ya karakana inashuka chini, haifutwi.

## Kuyaweka na kuhakikisha yamefika

Kwenye WordPress yenye programu-jalizi ya Yoast, fungua ukurasa ukiuhariri, shuka hadi kisanduku chake, ujaze `Meta description`. Kwenye Blogger, kwanza nenda `Settings`, sehemu ya `Meta tags`, uwashe `Enable search description`. Baada ya hapo kila ukurasa utakuwa na sehemu ya `Search Description` upande wa kulia. Watu wengi wa Blogger huitafuta sehemu hiyo bila kuiona kwa sababu hawajaiwasha kwanza.

Ukishahifadhi, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bofya kulia, chagua kuona chanzo chake, kisha utafute `name="description"`. Inatakiwa itokee mara moja tu. Ikitokea mara mbili, kiolezo cha tovuti na programu-jalizi vyote vinaandika maelezo, na yale ya zamani huenda bado yapo. Zima moja. Isipotokea kabisa, kiolezo hakiyatoi, na kazi yako yote imebaki kwenye kisanduku cha kuhariri.

Rudi Search Console, bandika anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu, na majibu yakija bofya `Request Indexing`. Hii ni ombi tu. Baada ya siku chache bandika tena anwani hiyohiyo, fungua sehemu ya `Page indexing`, utazame tarehe ya `Last crawl`. Ikiwa ni baada ya mabadiliko yako, bofya `View crawled page` uone kama maelezo mapya yamo. Andika tarehe hiyo mahali. Kipimo chako kinaanzia hapo, wala si siku uliyobofya kuhifadhi.

Kisha fungua dirisha la faragha, andika neno lako la kwanza, uangalie kwa macho kilichoandikwa chini ya kichwa chako. Fanya hivyo mara moja kwa kila neno, usirudie kila siku. Kama Google imeonyesha sentensi ya ndani ya ukurasa, isome: mara nyingi inakuonyesha ni wapi jibu lake liko wazi zaidi. Ikiwa sentensi hiyo ni nzuri, iache. Ikiwa ni mbovu, irekebishe hapohapo ilipo, kwa sababu kuhariri lebo hakutaigusa.

## Kupima

Acha zipite siku 28 tangu tarehe ya `Last crawl`. Takwimu za ripoti huchelewa siku mbili tatu, kwa hiyo ngoja kidogo zaidi. Kisha kwenye kichujio cha tarehe chagua `Compare`, ulinganishe siku hizo 28 na 28 za kabla ya mabadiliko. Weka tena vichujio vyako vyote: ukurasa, nchi, na jina la biashara limeondolewa.

Soma neno moja moja, na kwa kila neno tazama nafasi kabla ya kutazama mibofyo. Tuseme "mashine ya kutotolesha vifaranga" ilionekana mara 200 kwa nafasi ya 6.4 ikabofywa mara 3, na sasa imeonekana mara 210 kwa nafasi ya 6.2 ikabofywa mara 9. Nafasi karibu ileile, mibofyo mara tatu: hapo unaweza kusema maelezo yamesaidia. Lakini kama nafasi imetoka 6.4 hadi 3.1, huwezi kuyasifu maelezo, kwa sababu wa tatu hubofywa kuliko wa sita hata akiandika vibaya. Huenda ni ile aya ya kwanza uliyoibadilisha, huenda mshindani ameshuka.

Na kama mibofyo haikubadilika kabisa huku maelezo mapya yanaonekana, tazama walio juu yako kwa neno hilo. Pengine wanaonyesha picha ya mashine na bei palepale, au ni masoko makubwa ya mtandaoni. Au kichwa chako ndicho kibovu. Cha fundi kilikuwa "Bidhaa zetu", na mtu husoma kichwa kabla ya maelezo. Kibadili, ila usikibadili siku moja na maelezo, maana hutajua kipi kilichofanya kazi.

Msimu nao uangalie. Mauzo ya kuku hupanda karibu na sikukuu, na wafugaji huanza kutafuta mashine wiki kadhaa kabla, kwa kuwa mayai ya kuku huhitaji siku 21 kuanguliwa na kifaranga huhitaji muda wa kukua. Kuonekana kukiongezeka mara mbili kipindi hicho, usikuhesabu kama matunda ya kazi yako; angalia asilimia ya waliobofya.

Lile neno tuliloliweka kando, "jinsi ya kutengeneza incubator", linahitaji ukurasa wake. Fundi anajua kila kitu kuhusu hilo: mahali pa kuweka feni, joto la nyuzi 37.5 hivi, unyevu, na kugeuza mayai hadi siku ya 18. Aliandike kwa ukweli, na mwishoni aweke linki ya kwenda kwenye mashine zake kwa atakayeona kazi ni kubwa kuliko alivyodhani. Ukurasa huo ukishakuwa na miezi mitatu, uufungue kwenye `Pages`, urudi kwenye `Queries`, na uanze kusoma maneno yake.